Priseti Moja, Mwanga wa Kila Namna

Tuseme umempiga picha bibi harusi saa kumi alasiri, kibarazani kwa baba yake, upande wa kivulini. Umeihariri kwenye Lightroom mpaka imekaa sawasawa: uso una uhai, majani ya mti nyuma yake hayapigi kelele, vivuli vimelainika. Umependezwa na kazi yako, ukahifadhi marekebisho yote kuwa priseti, kisha ukaipaka kwenye picha za usiku ule ule ukumbini. Kanzu za wazee zikageuka rangi ya embe bivu, na shela ikaungua kwa mwanga hata darizi zake hazionekani.

Wengi hapo huilaumu taa ya ukumbi. Kosa limo ndani ya priseti yenyewe, na unaweza kuliona kwa macho. Priseti za Lightroom kwenye kompyuta ni faili za maandishi zinazoishia na .xmp. Ukiifungua hiyo ya kibarazani kwa programu yoyote ya maandishi, katikati ya mistari mingi utakuta miwili kama hii:

```
crs:Temperature="6800"
crs:Exposure2012="+0.60"
```

Mstari wa kwanza ndio uliozipaka kanzu rangi. Katika faili ghafi za kamera, namba ya Temp ni maelezo unayoipa programu kuhusu mwanga uliokuwapo mahali pale. Jua la mchana huwa karibu na 5500. Kivulini, ambako mwanga mwingi unatoka kwenye anga la buluu, namba hupanda hadi 7000 na zaidi. Balbu za njano za ukumbini hushuka hadi kama 3000. Ukiiambia programu 6800, inajua kwamba mwanga ulikuwa na ubuluu, nayo inaongeza manjano ili kuusawazisha. Kibarazani ilisaidia. Ukumbini manjano yalikuwa tele tangu mwanzo, nayo ikayazidisha. Mstari wa pili umeongeza mwangaza kwa zaidi ya nusu stopu kwenye picha ambazo pengine flashi ilikwisha kuzitosheleza.

Kwa hiyo kabla ya kutengeneza priseti, tenganisha kazi mbili ambazo kwa kawaida tunazifanya kwa mpigo mmoja. Ya kwanza ni kusahihisha picha, yaani kuufanya mweupe uwe mweupe na uso uwe na mwangaza wake. Hiyo ni ya picha husika peke yake. Ya pili ni ladha yako: mkunjo wa Tone Curve, namna unavyotuliza kijani, rangi kidogo unayotia vivulini. Hiyo ndiyo inayostahili kusafiri kutoka picha moja hadi nyingine.

Anza na picha isiyo na marekebisho yoyote. Chukua kidonezi cha White Balance, ugonge kitu cheupe ambacho hakijaungua, kanzu ikiwa ipo. Kwenye Lightroom Classic, pitisha kishale juu ya kanzu hiyo ukitazama namba za R, G na B chini ya histogramu. Zikikaribiana, mathalani 86, 86, 85, umefika. Panga Exposure kwa kuangalia uso, wala usihangaike na ukuta. Baada ya hapo ndipo uanze mapambo. Ukimaliza, chagua Create Preset, na kwenye orodha ya visanduku ondoa tiki ya White Balance na ya Exposure. Ondoa pia za maski ulizochora kwa mkono. Kitu kisicho na tiki hakiandikwi kwenye faili, na kisichoandikwa hakiguswi kwenye picha inayofuata.

Sasa ukiipaka ukumbini, kanzu hazitageuka embe. Lakini huenda nyuso zikawa na walakini bado, na hapa ndipo wahariri wengi hukata tamaa bila kujua kinachowasumbua. Tatizo liko kwenye Color Mixer. Ngozi zetu, nyeusi na za maji ya kunde, karibu zote huangukia kwenye kitelezi cha rangi ya chungwa, Orange, na kidogo kwenye Red. Tuseme kibarazani ulipunguza Saturation ya Orange kwa 8 na kupandisha Luminance kwa 5. Programu haijui kwamba ulikusudia ngozi. Inagusa kila kitu chenye rangi hiyo. Chini ya balbu ambayo haijasahihishwa, ukuta, pazia, kanzu na hata sahani ya pilau vyote vimo ndani ya Orange, kwa hiyo vyote vinasogea pamoja. Kwenye bustani yenye majani mengi, kijani hurudi usoni, ngozi ikateleza kuelekea Yellow, na kitelezi chako kinaikosa kabisa. Ndiyo maana kwenye picha isiyosahihishwa priseti ile ile huonekana imeharibika, na ukiisahihisha White Balance kwanza inarudi kufanya kazi.

Hapo pia pana sababu ya priseti nyingi zinazouzwa mtandaoni kutukataa. Nyingi zimepunguza Orange sana na kuipandishia mwanga ili kung'arisha ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi matokeo ni uso wa majivu. Punguza kidogo kidogo, na mtazame mtu mweusi zaidi kwenye kundi; yeye ndiye atakayekuonyesha mapema kwamba umezidisha.

Linabaki suala la ukali wa mwanga. Jua la saa saba lina vivuli vikali tayari, na mkunjo wako wa Tone Curve ukiongeza ukali juu yake, macho yanazama. Ukumbini ni kinyume: ukiinua weusi, chenga za ISO 6400 zinajitokeza. Usitengeneze priseti kubwa tatu, maana ukibadili ladha siku moja utalazimika kuzirekebisha zote. Tengeneza vijipriseti viwili vyenye vitu vichache tu. Cha "Jua" kiwe na Contrast, Highlights na Shadows peke yake. Cha "Ukumbi" kiwe na Blacks na kupunguza chenga. Priseti ikipakwa juu ya nyingine hufuta yale tu iliyoyabeba, kwa hiyo ladha yako inabaki chini yake salama, almuradi mkunjo wenyewe hujaugusa kwenye vijipriseti hivyo.

Picha za simu zilizohifadhiwa kama JPEG zipime kivyake. Humo Temp husogea kati ya -100 na +100 kutoka pale simu ilipoamua, na vivuli havina akiba ya faili ghafi, hivyo ladha ile ile huonekana nzito zaidi. Kitelezi cha Amount, kwa matoleo yaliyonacho, kinatosha kuipunguza hadi kama 60.

Taa za LED za zambarau na buluu za jukwaani ni habari nyingine. Mwanga wa rangi moja hauleti rangi nyingine kwenye kamera, kwa hiyo hakuna White Balance itakayorudisha ngozi ambayo haikurekodiwa. Picha hizo zipeleke kwenye nyeusi na nyeupe au ziache na zambarau lake.

Na ukiboresha priseti baadaye kwa Update with Current Settings, kumbuka kwamba picha ulizokwisha kuzipaka hazibadiliki. Mteja akiomba albamu ya pili mwaka ujao, utahitaji toleo la zamani, kwa hiyo weka nakala ya faili ya .xmp yenye tarehe kwenye jina kabla ya kugusa chochote.