Modeli Moja ya Muhogo, Alama Mbili za Ripoti

Mwaka 2020 yalifunguliwa kwenye jukwaa la Kaggle mashindano ya kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha za majani. Picha nyingi zilipigwa na wakulima wa Uganda katika mashamba yao, na wataalamu wa kilimo wakishirikiana na maabara ya Chuo Kikuu cha Makerere wakazitaja moja moja: hii ni batobato, hii michirizi ya kahawia, hii imeshambuliwa na utitiri wa kijani, hii ina ugonjwa wa bakteria, hii ni nzima. Picha za kufundishia modeli zilikuwa 21,397. Kati ya hizo, batobato peke yake ilikuwa na 13,158, na ugonjwa wa bakteria 1,087 tu.

Pengo hilo ndilo linalowatatiza wanafunzi wengi wanapoandika ripoti za miradi yao. Tuchukue majani 1,000 ya majaribio kwa uwiano uleule: batobato 615, mazima 120, utitiri 112, michirizi 102, bakteria 51. Modeli inayojibu “batobato” kwa kila jani, bila hata kulitazama, itapatia majani 615. Usahihi wake wa jumla ni asilimia 61.5, ingawa haijui chochote kuhusu muhogo.

Kwa hiyo kila kundi hupimwa peke yake, kwa maswali mawili. La kwanza: modeli inaposema “bakteria”, husema kweli mara ngapi? Jibu lake ni presisheni. La pili: kati ya majani yote yenye bakteria, modeli imeyaona mangapi? Hiyo ni rikoli. Tuseme modeli halisi imetaja bakteria mara 40, na mara 24 imepatia. Presisheni ni 24 kwa 40, yaani 0.60. Majani yenye ugonjwa huo yalikuwa 51, kwa hiyo rikoli ni 24 kwa 51, yaani 0.47. Zaidi ya nusu ya majani yenye ugonjwa yamepita bila kutambuliwa.

Alama ya F huunganisha hizo mbili: zidisha presisheni kwa rikoli, zidisha kwa 2, kisha gawa kwa jumla yao. Hapa inatoka 0.53. Njia hii huvutwa na kipimo kilicho dhaifu, hivyo modeli haiwezi kujificha nyuma ya kipimo kimoja kizuri.

Tuseme makundi mengine yamepata F hizi: batobato 0.95, utitiri 0.75, michirizi 0.74, mazima 0.70. Ripoti inataka namba moja, na hapo njia zinaachana. Wastani sawa hujumlisha alama zote tano na kugawa kwa 5, kila kundi likiwa na kura moja: 0.73. Wastani wenye uzito huzidisha kila alama kwa sehemu ya majani ya kundi lake: 0.85. Modeli ni ileile na majani ni yaleyale.

Tazama kinachotokea modeli ikishindwa kabisa kutambua bakteria, F ya kundi hilo ikawa sifuri. Wastani wenye uzito unashuka kutoka 0.85 hadi 0.83, na msomaji hatashtuka. Wastani sawa unaporomoka kutoka 0.73 hadi 0.63. Kama lengo la mradi ni kumsaidia mkulima kutambua magonjwa yote, kwa maoni yangu namba ya kwanza kutajwa iwe wastani sawa. Na uamuzi huo ufanywe kabla ya kuona matokeo, kwa sababu baada ya kuyaona kila mtu huvutiwa na namba kubwa.

Wanaotumia maktaba ya scikit-learn hupata zote kwa mstari mmoja:

```python
print(classification_report(y_true, y_pred, digits=3))
```

Safu ya `support` huonyesha idadi ya majani ya kila kundi. Mistari ya `macro avg` na `weighted avg` ndiyo hizo wastani mbili. Jedwali lote liingie kwenye ripoti. Onyo la `UndefinedMetricWarning` lisinyamazishwe tu: mara nyingi maana yake ni kwamba kuna kundi ambalo modeli haikulitaja hata mara moja. Jambo jingine linalowapita wengi ni kwamba rikoli yenye uzito hulingana daima na usahihi wa jumla. Anayeziandika zote mbili kama ushahidi tofauti amerudia namba moja.

Wastani sawa nao una udhaifu wake. Kundi la majani 51 ni dogo: majani 5 tu yakibadilika, rikoli yake inasogea kwa karibu 0.10, na wastani wote unayumba nayo. Dawa yake ni kuongeza picha za kundi hilo, au kurudia jaribio kwa migawanyo kadhaa ya data na kuandika namba zilivyotofautiana. Wastani wenye uzito, kwa upande wake, hubeba uzito wa mkusanyiko wa picha, wala si wa shamba. Mkulima akiwa mahali ambapo michirizi ya kahawia imeenea kuliko batobato, ile 0.85 haimhusu, atazame F ya michirizi, ambayo ni 0.74.