Madeni ya Kadi Marekani: Mshauri Akikaa na Benki (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi mtu anayeishi Marekani anavyoweza kujikuta na kadi nne au tano za mkopo, zote zinadai, na mshahara umebaki uleule. Katika sehemu hii tunamfuata mtu huyo hadi ofisi ya shirika la ushauri wa madeni, tuone mshauri anafanya nini hasa na anaruhusiwa kutoza kiasi gani. Hadithi za mazungumzo ya benki zimekuwa nyingi miongoni mwa ndugu zetu walioko huko, na baadhi zimewagharimu fedha.

Kinachoitwa mazungumzo mara nyingi si mabishano ya mezani. Mshauri huanza kwa kuorodhesha mapato ya mteja, kodi ya nyumba, chakula, nauli, na fedha anazotuma nyumbani. Kinachobaki ndicho kinacholipa madeni. Kisha hupeleka pendekezo kwa kila benki, akitaja namba ya akaunti, kiasi cha kulipwa kila mwezi na tarehe ya kuanza. Benki kubwa zina masharti yaliyopangwa tayari kwa wateja wanaoletwa na mashirika haya. Pendekezo likitimiza masharti hayo, benki hukubali. Lisipotimiza, hulikataa au hudai kiasi kikubwa zaidi.

Kwa nini benki ikubali kupunguza riba? Sababu ni za kihesabu. Kwa kanuni za wasimamizi wa mabenki, akaunti ya kadi ikikaa siku 180 bila kulipwa, benki hutakiwa kuihesabu kuwa hasara. Mteja anayelipa kidogo kidogo ana faida kuliko aliyetoweka au aliyekwenda mahakamani kutangaza kufilisika. Lakini benki nayo ina mpaka wake. Mwongozo uliotolewa na wasimamizi hao mwaka 2003 unataka mipango ya kuokoa madeni ya kadi ilenge kumalizika ndani ya miezi 60. Ndiyo maana mipango mingi huwa ya miaka mitatu hadi mitano, na ndiyo maana riba hushushwa: ikibaki juu, mteja wa kipato kidogo hatamaliza katika muda huo.

Hapa msomaji azingatie jambo moja. Mpango wa kusimamia madeni haufuti hata dola moja ya deni lenyewe. Kinachopungua ni riba, na pengine faini za kuchelewa. Deni la msingi hulipwa lote.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye hesabu za kweli. Mama mmoja kutoka Mombasa anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee huko Marekani. Anadaiwa dola 12,000 kwenye kadi nne, zote kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Akijikamua akalipa dola 300 kwa mwezi, dola 240 za mwezi wa kwanza zinaliwa na riba, na deni lenyewe linapungua kwa dola 60 tu. Akiendelea hivyo bila kununua kitu kingine kwa kadi, atamaliza baada ya karibu miaka saba, akiwa ametoa zaidi ya dola 24,000.

Mshauri anapeleka mapendekezo, na benki zote nne zinakubali riba ya asilimia 8 kwa miezi 60. Malipo yanakuwa takribani dola 243 kwa mwezi, jumla dola 14,600 hivi. Riba yote ni kama dola 2,600.

Sasa ije ada. Kila jimbo lina sheria yake, lakini ipo sheria ya mfano iliyoandaliwa mwaka 2005 na kufuatwa na majimbo machache, Utah na Delaware yakiwamo. Kwa mpango wa kupunguza riba, sheria hiyo iliweka kikomo cha dola 50 za kuanzisha, na ada ya kila mwezi ya dola 10 kwa kila mkopeshaji aliyemo kwenye mpango, isiyozidi dola 50 kwa mwezi. Kwa kadi nne ni dola 40. Mama yetu analipa basi dola 283 kila mwezi, chini ya zile 300 za awali. Lakini akitozwa dola 40 miezi yote 60, ada peke yake inafika dola 2,400, karibu sawa na riba yote anayolipa benki. Bado amepata nafuu kubwa. Hata hivyo, anayetazama riba iliyoshuka bila kujumlisha ada hajui gharama kamili ya mpango wake.

Mshauri hulipwa pia kutoka upande wa pili. Benki nyingi hulirudishia shirika asilimia fulani ya fedha zinazopitia kwake. Desturi hii ni ya zamani na haijafichwa, lakini ina hatari: shirika linaweza kumsukuma kila mteja kwenye mpango, hata yule ambaye kwake kufilisika kisheria au kubana matumizi tu kungefaa zaidi. Bunge la Marekani liliona hatari hiyo mwaka 2006 likaongeza kifungu cha 501(q) katika sheria ya kodi. Shirika la ushauri wa madeni linalotaka msamaha wa kodi kama shirika la hisani lazima liwe na ada za wastani, limsamehe asiyeweza kulipa, na lisikatae kumhudumia mtu kwa sababu tu mpango haumfai. Ada haiwezi kuwa asilimia ya deni, isipokuwa pale sheria ya jimbo inaporuhusu. Malipo kutoka kwa wakopeshaji nayo yamewekewa ukomo.

Sheria hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2003 Tume ya Shirikisho ya Biashara ilishitaki shirika la AmeriDebt la jimbo la Maryland. Shirika lilijitangaza kuwa halitafuti faida na halitozi ada ya kuanza. Kwa mujibu wa mashitaka, malipo ya kwanza ya mteja hayakwenda kwa wakopeshaji, bali yalibaki kwa shirika kwa jina la mchango wa hiari. Mteja alidhani ameanza kulipa madeni, kumbe kadi zake zilihesabiwa kuwa zimechelewa mwezi mzima.

Udanganyifu wa namna hiyo hugundulika mapema kwenye taarifa za kadi. Baada ya malipo ya kwanza, mteja afungue taarifa ya kila benki aangalie mambo mawili: je, kiasi alichopangiwa kimeingia chote kabla ya tarehe ya mwisho, na je, riba imeshuka kama ilivyoandikwa kwenye mpango? Benki ambayo bado haijajibu pendekezo aendelee kuilipa mwenyewe, kwa sababu ucheleweshaji huandikwa kwa jina lake, si la mshauri.

Ajue pia kwamba kadi zilizoingia kwenye mpango kwa kawaida hufungwa, na kwamba mkopo wa gari au wa nyumba hauingizwi humo. Akikosa malipo mwezi mmoja au miwili, benki inaweza kurudisha riba ya zamani.

Yapo makampuni mengine yanayoahidi kufuta nusu ya deni. Hayo hufanya kazi tofauti kabisa, na tangu Oktoba 2010 yale yanayouza huduma hiyo kwa simu yamekatazwa kuchukua ada kabla ya kumaliza angalau deni moja. Habari zao zitakuwa mada ya wiki ijayo.