Saa, Kazi au Mwezi: Mshauri Atoze Vipi?

Tuseme mshauri wa hesabu jijini Mwanza anahitaji shilingi 3,000,000 kwa mwezi, pamoja na gharama zake. Akitoa muda wa kutafuta wateja, hubakiwa na saa 100 za kutoza. Saa moja, basi, ni shilingi 30,000.

Duka la vifaa vya ujenzi linamletea risiti za mwaka mzima, zimechanganyika. Kwa kuwa hajui ukubwa wa kazi, anaanza kwa kutoza kwa saa, akikagua risiti za mwezi mmoja tu. Hapo anakadiria kwamba zilizobaki zitachukua saa 40, yaani shilingi 1,200,000. Anaongeza robo kwa ajili ya dharura, na kutaja bei moja ya 1,500,000. Mkataba utaje miezi inayohusika. Mwenye duka akiongeza tawi la pili na saa zikafika 60, kila saa itakuwa imeshuka hadi 25,000.

Ritani za VAT, zinazowasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hujirudia. Hizo zinafaa ada ya mwezi: 300,000 kwa saa 10, na mkataba useme iwapo saa zisizotumika zinahamia mwezi ujao.