Barua ya "nje ya uwezo wetu"

Barua za namna hii hufanana. Muuzaji anaomba radhi, anataja vita, mafuriko au mgomo, kisha anaandika kwamba mzigo utachelewa na kwamba kifungu cha nguvu isiyozuilika kinamwondolea lawama. Wanunuzi wengi humpa pole wakasubiri. Lakini kutaja kifungu hakutoshi: anayetaka kujikinga nacho ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba kinamhusu, na jibu la mnunuzi ndilo linalomdai uthibitisho huo.

Kesi moja ya karanga inaonyesha vizuri jambo la kutazama. Tarehe 4 Oktoba 1956 kampuni ya Tsakiroglou ilikubali kuiuzia kampuni ya Noblee Thörl ya Hamburg tani 300 za karanga za Sudan, kwa pauni 50 kila tani. Karanga zilitakiwa kupakiwa melini kati ya Novemba na Desemba. Tarehe 2 Novemba, kutokana na vita vya Suez, mfereji ukafungwa. Wauzaji hawakupakia chochote. Walidai kwamba njia ya kawaida ya kwenda Ulaya imezibwa, hivyo wao hawana kosa.

Mkataba ulikuwa na kifungu cha kuongeza muda iwapo vita au nguvu isiyozuilika ingezuia upakiaji. Wanunuzi walishikilia neno hilo: upakiaji. Bandari ya Port Sudan ilikuwa wazi, na meli zilikuwa zikienda Ulaya kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari iliongezeka zaidi ya mara mbili, na nauli ikapanda kutoka pauni 7.50 hadi 15 kwa tani, lakini hakuna kilichozuia karanga kuingia melini. Kesi ilifika hadi Baraza la Malwodi jijini London, ambalo mwaka 1961 liliwapa wanunuzi haki. Wauzaji walibeba fidia ya pauni 5,625. Gharama kupanda, hata maradufu, hakukuhesabiwa kuwa kizuizi.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi ni hili: ni wajibu gani hasa wa mkataba uliozuiwa, na kifungu chenyewe kinatumia kitenzi gani? Kinachosema "kuzuia" kinadai zaidi ya kinachosema "kuchelewesha" au "kutatiza".

Swali la pili linahusu tarehe. Chukulia mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyeagiza pampu za maji kutoka Uturuki mwezi Oktoba 2023, zifike bandarini ifikapo tarehe 15 Januari 2024. Tarehe 12 Februari anapokea barua: mashambulizi ya Bahari ya Shamu yameilazimu meli kuzunguka Afrika, tunaomba mtuelewe. Mashambulizi yalikuwa ya kweli, na kampuni kubwa za meli zilianza kukwepa njia hiyo Desemba 2023. Lakini hati ya shehena inaonyesha pampu zilipakiwa tarehe 2 Februari. Siku ya kufika ilikuwa imeshapita kabla meli haijang'oa nanga. Kilichochelewesha mzigo ni kiwanda.

Jibu lake halihitaji maneno makali. Linaweza kusomeka hivi:

"Tumepokea barua yenu. Kupokea huku si kukubali kwamba kifungu kinatumika, na haki zetu zote tunazihifadhi. Tafadhali tuleteeni hati ya shehena, tarehe pampu zilipotoka kiwandani, na tarehe mlipoomba nafasi melini. Mkataba unadai taarifa ndani ya siku 7 tangu tukio. Tuelezeni kwa nini yenu imekuja sasa. Mlitafuta njia gani nyingine, na kila sehemu ya ucheleweshaji ilisababishwa na nini?"

Sentensi ya pili ya barua hiyo ina uzito wa pekee. Mnunuzi anayeandika "tumeelewa, hakuna shida" anaweza baadaye kuambiwa kwamba alikubali kuongeza muda.

Majibu ya muuzaji ndiyo yatakayoamua. Iwapo pampu zingekuwa zimepakiwa katikati ya Desemba, zikakuta njia imegeuzwa zikiwa baharini, na taarifa ikatolewa ndani ya siku 7, dai lingekuwa na nguvu, kwa siku zile tu zilizoongezwa na mzunguko huo. Hapo mnunuzi mwenye busara angekubali siku hizo kwa maandishi na kuweka tarehe mpya. Lakini muuzaji anayeshindwa kuonyesha tarehe za kiwandani hana kifungu cha kujificha nyuma yake, na fidia ya kuchelewa iliyoandikwa kwenye mkataba inabaki kudaiwa kama kawaida.