Salfa Yenye Kumi na Mbili, Boroni Yenye Sita

Mwaka 1901, jijini Paris, wanakemia Henri Moissan na Paul Lebeau waliichoma salfa ndani ya gesi ya florini. Florini ni elementi kali mno, hula karibu kila inachokigusa. Gesi iliyotokana na moto ule ilikuwa kinyume chake: haina rangi, haina harufu, haiwaki, na ukiipitisha kwenye maji haibadiliki. Uzito wake ni kama mara tano ya uzito wa hewa. Kwa upole wake huo hutumika hadi leo ndani ya swichi za umeme wa msongo mkubwa, ambako huzima cheche kabla hazijaleta madhara. Na kwa upole huohuo, ikivuja hukaa angani mamia ya miaka, huku kila kilo yake ikinasa joto zaidi ya mara 20,000 ya kilo moja ya kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100.

Fomula yake ni SF6. Atomu moja ya salfa imezungukwa na florini sita, na hapo ndipo inapogongana na somo ambalo kila mwanafunzi wa kemia hufundishwa mapema.

Somo hilo lilitoka kwa Mmarekani Gilbert Lewis, aliyechapisha mwaka 1916 makala kuhusu atomu na molekuli. Lewis aliona kwamba atomu nyingi hutulia zinapokuwa na elektroni nane katika ganda la nje, na kwamba atomu mbili zinaweza kushirikiana jozi moja ya elektroni, kila moja ikaihesabu kuwa yake. Jozi hiyo ndiyo kifungo. Tangu hapo wanakemia huchora molekuli kwa alama za elementi, vistari vya vifungo na nukta za elektroni zilizobaki bila kushirikishwa. Kwa maji, amonia, methani na maelfu ya misombo ya kaboni, hesabu ya nane hutoka sawasawa.

Kwa SF6 haitoki. Salfa ina elektroni sita za nje. Kila florini ina saba, na florini ziko sita, kwa hiyo zinaleta 42. Jumla ni 48. Vuta vistari sita kutoka salfa hadi kila florini: umetumia elektroni 12. Zimebaki 36. Gawia kila florini sita ili itimize nane yake, na zote 36 zimekwisha. Hakuna iliyopotea, hakuna iliyozidi, na kila florini imetosheka. Ila salfa ya katikati, ukihesabu vistari vinavyoigusa, ina elektroni 12.

Hesabu hiyo ina njia yake ya kujikagua. Kwa kila atomu, chukua elektroni ilizokuja nazo, toa zile ambazo haishiriki na mwenzake, kisha toa nusu ya zile zilizo kwenye vifungo. Salfa ilikuja na sita. Haina iliyobaki nayo peke yake. Nusu ya 12 ni sita. Jibu ni sifuri. Florini nayo ilikuja na saba, ina sita za peke yake na moja ya kifungo: sifuri tena. Mchoro umekubali.

Swali linalofuata ni kwa nini salfa iweze, ilhali oksijeni, jirani yake wa juu katika jedwali la elementi, haiwezi. Hakuna mtu aliyewahi kutengeneza OF6. Kwa miongo mingi vitabu vya shule vilijibu kwamba salfa, kwa kuwa iko safu ya tatu, ina nafasi za ziada ziitwazo obitali za d, na elektroni zinazozidi nane huingia humo. Maelezo hayo yalipata nguvu kutokana na kazi za Linus Pauling za miaka ya 1930, na bado yanafundishwa madarasani mengi. Ni mepesi kukumbuka. Tatizo ni kwamba kompyuta zilipokuja kukokotoa mahali elektroni zinapokaa hasa, zilionyesha kuwa obitali hizo za salfa ziko juu mno kinishati, na mchango wake katika vifungo ni mdogo.

Jibu lenye nguvu zaidi linaanza na ukubwa. Atomu ya salfa ni pana kuliko ya oksijeni, kwa hiyo florini sita zinaweza kuizunguka bila kusukumana hadi molekuli ivunjike. La pili ni florini yenyewe, elementi yenye mvuto mkubwa kuliko zote kwa elektroni. Katika SF6 elektroni za vifungo zimevutwa sana kuelekea nje. Zile 12 tulizozihesabu kwenye karatasi hazijasongamana juu ya salfa. Sehemu kubwa ya wingi wake iko upande wa florini, na salfa imebaki na chaji chanya kubwa. Ukibadilisha florini kwa haidrojeni, isiyo na mvuto huo, msombo SH6 haupatikani. Salfa hushika haidrojeni mbili tu na kuwa H2S, ile gesi ya harufu ya mayai viza.

Kwa hiyo mchoro wa Lewis usomwe kama daftari la mhasibu: unaonyesha elektroni zimeandikwa kwa jina la nani, si mahali zinapolala usiku.

Mtu anaweza kudhani kwamba kuvunja kanuni ya nane ndiko kunakoifanya SF6 iwe tulivu. Sivyo, na ushahidi ni ndugu yake SF4. Huyu naye amevunja kanuni. Elektroni zake ni 34. Vifungo vinne vinachukua nane, florini zinachukua 24, na jozi moja inabaki bila mahali isipokuwa juu ya salfa, ambayo inafikisha kumi. SF4 ikikutana na maji, hata unyevu wa hewani, humenyuka papo hapo na kutoa haidrojeni floraidi, sumu inayounguza. Kinishati, hata SF6 ingepaswa kumenyuka na maji. Haifanyi hivyo kwa sababu florini sita zimeizingira salfa pande zote na molekuli ya maji haipati pa kuipenyea. Katika SF4 upande mmoja uko wazi.

Fosforasi ina kisa chake. Nitrojeni hufika NCl3 na kuishia hapo, ila fosforasi iliyo chini yake hutengeneza PCl3 na pia PCl5. Katika mvuke, PCl5 ni molekuli ya vifungo vitano, yaani elektroni kumi kuzunguka fosforasi. Vifungo hivyo havilingani: vitatu vilivyo kwenye mzingo wa katikati vina urefu wa pikomita 202 hivi, na viwili vya juu na chini ni virefu zaidi, kama 214. Kifungo kirefu ni kifungo dhaifu, na mvuke ukipashwa joto zaidi, klorini mbili huachana na fosforasi na chombo kikaonyesha rangi ya kijani-njano ya gesi ya klorini. PCl5 ikiwa kigumu hufanya jambo la ajabu zaidi. Molekuli moja humpa mwenzake klorini pamoja na jozi yake ya elektroni, ikabaki PCl4 yenye chaji chanya na PCl6 yenye chaji hasi. Mmoja amerudi kwenye nane, mwingine amepanda hadi 12. Fuwele nzima imejengwa kwa jozi hizo.

Boroni huvunja kanuni kwa upande wa pili, kwa upungufu. Ina elektroni tatu tu za nje. Katika BF3 jumla ni 24: vifungo vitatu, florini zote zimetimiza nane, na boroni imebaki na sita. Mwanafunzi mwenye hamu ya kufikisha nane hushawishika kugeuza kistari kimoja kuwa viwili. Ukaguzi wa chaji unamkataza: florini ingepata chaji chanya moja na boroni hasi moja, wakati florini ndiyo yenye pupa ya elektroni. Ndiyo maana mchoro wa sita hupewa kipaumbele.

Hata hivyo ule mchoro uliokataliwa una ukweli ndani yake. Kifungo cha boroni na florini katika BF3 kina pikomita 131 hivi, kifupi kuliko kifungo kimoja cha kawaida kati ya atomu hizo. Florini zinaiazima boroni sehemu ya jozi zao. Mkopo huo hutumika mara nyingi kueleza jambo lililowasumbua wengi: kwa kuwa florini huvuta elektroni kuliko klorini, ungetarajia boroni ya BF3 iwe na njaa kuliko ya BCl3. Kwa amonia na misombo ya jamii yake, BCl3 ndiyo hushika kwa nguvu zaidi. Maelezo ya kawaida, ambayo yana wapinzani, ni kwamba klorini ni kubwa, na jozi zake haziikai vizuri boroni ndogo, hivyo humwazima kidogo.

Njaa hiyo inaonekana kwa macho. BF3 ni gesi, amonia ni gesi. Zikikutana hutokea kigumu cheupe. Nitrojeni ya amonia ina jozi isiyotumika na inaitoa yote kwa boroni. Boroni, iliyokuwa bapa na florini zake tatu, inajikunja kuwa na pembe nne, vifungo vyake na florini vinarefuka, na hesabu yake sasa ni nane.

BH3 ina shida kubwa zaidi, kwa sababu haidrojeni haina jozi ya kuazima. Ikiachwa peke yake haidumu. Mbili huungana kuwa diborani, B2H6. Mjerumani Alfred Stock aliichunguza familia hii ya gesi zinazowaka hewani kwa vyombo vya glasi vilivyofungwa, na zebaki ya vyombo hivyo ilimdhuru afya yake. Kuichora diborani kuliwashinda watu kwa miaka mingi. Ukiipanga kama ethani, C2H6, unahitaji vistari saba, yaani elektroni 14. Diborani ina 12 tu.

Mwaka 1943, Christopher Longuet-Higgins, akiwa bado mwanafunzi wa Oxford, alichapisha pamoja na mwalimu wake Ronald Bell hoja ya muundo wenye daraja. Haidrojeni nne zinashikwa kwa vifungo vya kawaida, mbili kwa kila boroni, na hizo ni elektroni nane. Haidrojeni mbili zilizobaki zinakaa katikati ya boroni, na kila moja inaziunganisha boroni zote mbili kwa jozi moja tu: atomu tatu, elektroni mbili. Nane na nne ni 12. Vipimo vya baadaye viliafiki: haidrojeni za pembeni ziko pikomita kama 119 kutoka kwa boroni, za darajani 133. William Lipscomb alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1976 kwa kuichambua jamii hiyo ya misombo.

Katika maabara za leo BH3 huuzwa ikiwa imeyeyushwa katika tetrahaidrofurani, kimiminika ambacho oksijeni yake huipa boroni jozi ya elektroni na kuitoa kwenye daraja. Jozi hiyo inashikilia kiasi cha kuituliza boroni ndani ya chupa, lakini inaachia pale inapokutana na kifungo pacha cha kaboni, kilicho na elektroni za kutoa. Mmenyuko huo ndio uliompa Herbert Brown sehemu yake ya Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1979.