Ujumbe wa Nne kwa Mwalimu Mkuu

Tuchukue mfano wa fundi mwenye karakana ndogo Morogoro, anayechomelea madawati. Tarehe 10 Novemba amepeleka profoma kwenye shule ya msingi ya binafsi: madawati 60 ya kukaliwa na watoto wawili wawili, fremu za skwea paipu na mbao juu, kila dawati shilingi 95,000, jumla shilingi 5,700,000. Mwalimu mkuu ameipokea, ameshukuru, amesema watamjulisha. Wiki mbili zimepita. Fundi ametuma jumbe tatu fupi za WhatsApp, zote zimesomwa, hakuna jibu. Sasa anaandika wa nne:

"Habari za asubuhi Mwalimu, natumaini u mzima. Nakukumbusha tu ile profoma yangu. Nimeshakutumia meseji mara tatu, naona unazisoma ila hujibu. Naomba sana usinisahau, nina vijana wanne wananitegemea na kazi zimekuwa ngumu. Kama shida ni bei sema tu, naweza kukupunguzia hata asilimia 20. Ofa hii inaisha leo jioni. Nasubiri jibu lako kwa hamu. Mungu akubariki sana."

Hakuna tusi humo wala uongo mkubwa. Aliyeuandika ni mtu mwenye heshima ambaye ana hofu, na hofu yake ni ya haki. Lakini usome tena ukiwa umekaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Profoma ni yangu, meseji nimetuma mimi, usinisahau mimi, vijana wananitegemea mimi, nasubiri mimi. Toa salamu na dua, na kinachobaki karibu chote kinamhusu muuzaji. Kuhusu madawati yenyewe, watoto watakaoyakalia au siku ya kufungua shule, hakuna neno hata moja. Mwalimu mkuu akimaliza kusoma hana anachokijua ambacho hakukijua jana, isipokuwa kwamba fundi huyu ana shida.

Na shida ya muuzaji humtia mnunuzi wasiwasi. Kabla ya kazi kuanza shule itaombwa malipo ya awali, pengine nusu ya bei. Mwalimu mkuu anajiuliza kimyakimya: nikimpa mtu huyu milioni mbili na nusu na zaidi, zitanunua vyuma vyangu au zitalipa madeni yake? Sentensi iliyoandikwa ili kuleta huruma imeibua swali ambalo halikuwepo.

Sentensi inayogharimu zaidi ni ile ya asilimia 20. Tuseme vyuma, mbao, rangi, umeme, usafiri na malipo ya vijana vinamgharimu fundi shilingi 78,000 kwa kila dawati. Kwa madawati 60 hiyo ni 4,680,000, na faida yake ni 1,020,000. Asilimia 20 ya bei aliyoitaja ni 1,140,000. Ameahidi kupunguza zaidi ya faida yake yote. Mwalimu mkuu akijibu "sawa", fundi atafanya kazi ya wiki tatu na kumaliza na hasara ya shilingi 120,000. Ili asipate hasara atanunua bomba jembamba zaidi, na dawati litaanza kuyumba kabla mwaka haujaisha. Halafu kuna jinsi punguzo hilo linavyosikika upande wa pili. Hakuna aliyeliomba. Bei inayoshuka yenyewe kwa asilimia 20 inamwambia mnunuzi kwamba ile ya kwanza ilikuwa imepandishwa, na kwamba akinyamaza wiki moja zaidi huenda ikashuka tena.

Ile "ofa inaisha leo jioni" ina asili yake. Mwanasaikolojia wa Marekani Robert Cialdini, katika kitabu alichokitoa mwaka 1984, alieleza jinsi hofu ya kukosa kitu inavyowasukuma watu kuamua haraka, na tangu hapo wauzaji wengi wamefundishwa kuweka saa ya mwisho kwenye kila ofa. Kwa mtu anayenunua viatu kwa hela yake mwenyewe, mbinu hiyo inaweza kufanya kazi. Mwalimu mkuu hawezi kuamua kufikia jioni hata akitaka. Fedha ni za shule. Kwa kawaida mhasibu hukusanya profoma tatu, huzilinganisha, kisha suala hupelekwa kwenye bodi, na bodi hukaa kwa ratiba yake. Jioni itafika, itapita, na kesho yake fundi bado atauza kwa bei ileile. Hapo neno lake limepungua thamani, na siku atakapokuwa na tarehe ya kweli hataaminiwa.

Hapo ndipo kimya kinapoeleweka. Mara nyingi mwalimu mkuu hajibu kwa sababu hana la kujibu: bodi haijakaa, na kuandika "bado" mara tatu kunamwonea aibu. Kumwambia "naona unazisoma" ni kumsuta mtu ambaye huenda ndiye anayekutetea ndani ya ofisi.

Basi ujumbe mzuri hauanzi kwa kutafuta maneno matamu. Kabla ya kushika simu, fundi anapaswa kuitoa profoma yake na kuisoma kana kwamba ni ya mtu mwingine, akitafuta ni wapi mhasibu atakwama. Kwenye hii kuna sehemu mbili.

Ya kwanza ni kodi. Profoma inasema 95,000 tu. Haisemi kama kuna VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Mhasibu akiwa na profoma nyingine ya 105,000 iliyoandikwa kuwa VAT imo, hajui ipi ni nafuu. Kama karakana haijasajiliwa kwa VAT, fundi aseme hivyo, na aseme pia kwamba atatoa risiti ya EFD, kwa sababu mhasibu anaihitaji kwenye vitabu vyake.

Ya pili ni kimo, na hii ndiyo dhahabu. Profoma imetaja ukubwa mmoja kwa madawati yote 60, kiti cha sentimita 38 kutoka sakafuni. Kimo hicho kinamfaa mtoto wa darasa la tano au la sita. Mtoto wa darasa la kwanza akikikalia, miguu inaning'inia na mabega yanapanda juu anapoandika. Viwango vya samani za shule vya Ulaya humpa mtoto wa umri huo kiti cha takriban sentimita 31 na meza ya sentimita 53. Fundi anayeyajua haya, au aliyepita darasani na futi ya kupimia, ana jambo la kumwambia mwalimu mkuu ambalo wale wengine wawili huenda hawakulisema.

Kuna na tarehe, ya kweli safari hii. Shule zinafunguliwa Januari. Madawati 60 yanahitaji wiki tatu za kukata, kuchomelea, kupiga rangi na kufunga mbao, na katikati kuna sikukuu. Akihesabu kurudi nyuma, anafika tarehe 8 Desemba kuwa siku ya mwisho ya kununua vyuma. Tarehe hii mwalimu mkuu anaweza kuipeleka mbele ya bodi kama hoja, kwa kuwa inatokana na kazi yenyewe.

Sasa aandike:

"Shikamoo Mwalimu. Ni fundi wa madawati, kuhusu profoma ya tarehe 10 Novemba. Nimeipitia upya na kuna mambo mawili yatakayomsaidia mhasibu. Niliandika kimo kimoja kwa madawati yote, lakini watoto wa darasa la kwanza na la pili wanahitaji kiti kifupi zaidi, sentimita 31. Nikijua idadi yao nitayatengeneza hayo kwa bei ileile. Pili, bei ya 95,000 haina VAT kwa kuwa karakana haijasajiliwa, na risiti ya EFD nitatoa. Ili madawati yafike kabla ya kufungua shule Januari, natakiwa kununua vyuma kufikia tarehe 8 Desemba. Je, bodi itakaa kabla ya hapo? Kama mmeahirisha hadi mwaka ujao, niandikie tu 'mwakani' nami nitaelewa."

Salamu imebaki. Kwa Mswahili ujumbe usio na salamu ni kama amri, na kama mwalimu mkuu amemzidi umri fundi, "shikamoo" ndiyo mahali pake. Lakini salamu na hoja zimekwenda pamoja. Wako wanaotuma "Habari" peke yake kisha wanangoja, na mtu mwenye shughuli akiiona juu ya kioo cha simu anajua kuna ombi nyuma yake, anaiacha. Hapa, kabla hajaufungua ujumbe, ameshaona ni nani na ni kuhusu nini.

Swali la mwisho linajibika kwa neno moja. "Nasubiri jibu lako" humwachia mnunuzi kazi ya kutunga barua, "bodi itakaa kabla ya hapo?" inahitaji ndiyo au hapana, na vyote viwili vinamfaa fundi. Sentensi ya kutaja "mwakani" watu wengi wanaiogopa, wakidhani wanampa mteja njia ya kukimbia. Mimi naiona kuwa ndiyo muhimu kuliko zote. Aliyekwisha kuahirisha ameahirisha, na akipewa neno jepesi la kulisema, fundi anajua leo badala ya kukisia hadi Krismasi, na vijana wake wanaweza kuchukua kazi nyingine.

Jibu linaweza kuja: "Bodi inakaa tarehe 2, ila wanaona bei iko juu." Hapo sasa bei imetajwa na mnunuzi, na inaweza kuzungumzwa, ila kila shilingi inayopungua iende na kitu kinachopungua. Shule itume gari lake kuchukua mzigo, na gharama ya usafiri itolewe. Au ichukue madawati 40 sasa na 20 katikati ya mwaka. Bei ya dawati moja inabaki pale pale, na hakuna anayelazimika kununua bomba jembamba.

Kama hakuna jibu, fundi angoje hadi tarehe 3 Desemba, kisha aandike mara moja tu, na awe na kitu kipya: picha ya dawati fupi alilotengeneza kama sampuli, na kauli kwamba analiacha karakanani kwa yeyote wa shule atakayetaka kulijaribu. Asipige simu usiku, asimtafute mhasibu kwa mlango wa nyuma. Tarehe 8 ikipita kimya, wa mwisho ni mfupi: "Mwalimu, tarehe ya kununua vyuma imepita, hivyo siwezi tena kuahidi Januari. Vipimo vya watoto wadogo nimevihifadhi. Mkihitaji kwa muhula wa pili, nipeni taarifa wiki nne kabla."

Kisha aache kweli. Baadhi ya shule zimeshampa kazi ndugu wa mjumbe wa bodi, na hakuna maandishi yatakayoligeuza hilo. Nyingine zitapokea madawati ya fundi mwingine Januari, zitaona watoto wa darasa la kwanza wanaandika wamesimama, na mtu ofisini atakumbuka nani alikuwa ametaja sentimita 31.