Mita Inapopimwa: Asilimia, Tarakimu na Volti 10 Zinazojulikana

Ile mita ndogo ya njano inayouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue, ambayo mafundi wengi huijua kwa jina la DT830, huja na karatasi iliyokunjwa ambayo wanunuzi wachache huisoma. Katika karatasi hiyo, mbele ya volti za DC, kuna maandishi mafupi: ±(0.5% + 2). Mtu anayepima betri ya sola akaona 12.70 kwenye kioo hawezi kujua volti za kweli ziko wapi mpaka ayaelewe maandishi hayo.

Sehemu ya kwanza, 0.5%, ni asilimia ya kile kinachosomeka. Sehemu ya pili, 2, haina uhusiano na volti zinazopimwa. Ni hatua mbili za tarakimu ya mwisho kulia, na thamani ya hatua hizo hutegemea renji iliyochaguliwa. DT830 huhesabu mpaka 1999, kwa hiyo katika renji ya volti 20 tarakimu ya mwisho ni sehemu ya mia ya volti, na hatua mbili ni volti 0.02. Katika renji ya volti 200 tarakimu ya mwisho ni sehemu ya kumi ya volti, na hatua zile zile mbili zinakuwa volti 0.2.

Hapo ndipo betri ya sola inapoingia. Betri ya risasi na asidi iliyojaa na kupumzika husimama karibu na volti 12.7, na ikibaki nusu huwa karibu na 12.2. Tofauti nzima ni nusu volti. Kwenye renji ya 20, mita inaruhusiwa kukosea 0.0635 kwa upande wa asilimia na 0.02 kwa upande wa tarakimu, jumla kama 0.08. Kwenye renji ya 200, asilimia inabaki ile ile lakini tarakimu zinaongeza 0.2, na jumla inafika karibu 0.26. Mita nzima, isiyo na kasoro yoyote, inaweza kuionyesha betri iliyojaa kama 12.5, na fundi akaamini kwamba chaji imeshaanza kupungua. Kosa hilo halikutoka kwenye mita, limetoka kwenye mkono uliochagua renji.

Lakini ahadi ya karatasi ina masharti. Kwa kawaida hutolewa kwa mwaka mmoja tangu mita ilinganishwe kiwandani, na kwa joto la nyuzi 18 hadi 28 za Selsiasi. Karakana yenye bati juu mjini Dar es Salaam mwezi Februari huvuka nyuzi 28 kabla ya saa sita mchana. Baadhi ya watengenezaji hutaja adhabu yake: kwenye Fluke 87V, kila nyuzi moja nje ya mipaka hiyo huongeza sehemu ya ishirini ya kosa linaloruhusiwa. Mwaka ukishapita, njia ya kujua mita iko wapi ni kuipa volti zinazojulikana na kutazama inasema nini.

Volti hizo leo hupatikana kwenye bodi ndogo yenye chipu ya AD584 ya kampuni ya Analog Devices. Chipu hii hutoa volti 2.5, 5, 7.5 na 10, lakini nayo ina madaraja. Ya daraja J inaweza kuwa nje kwa milivolti 30 kwenye volti 10, ya K kwa milivolti 10, na ya L kwa milivolti 5. Maabara za kalibresheni hufuata kanuni ya nne kwa moja: kosa linaloruhusiwa la chombo kinachopimwa liwe angalau mara nne ya lile la chombo kinachokipima. DT830 kwenye volti 10 inaruhusiwa milivolti 70. Kwa chipu ya J uwiano ni kama mbili na theluthi, haitoshi. Kwa chipu ya L uwiano ni kumi na nne.

Mtu akichukua bodi hiyo hiyo ya J akaitumia kupimia Fluke 87V, mambo yanageuka. Fluke hiyo imeandikwa ±(0.05% + 1), na kwenye volti 10 kosa lake haliruhusiwi kupita milivolti 15. Hapo mita ndiyo inayoipima bodi. Ndiyo maana bodi inayofaa ni ile iliyopimwa kwanza na mita bora zaidi, na thamani zake halisi zikaandikwa juu yake pamoja na tarehe.

Tuchukue bodi ya namna hiyo, iliyoandikwa 2.501, 5.003, 7.504 na 10.004, pamoja na DT830 iliyotumika miaka kadhaa. Kazi huanza na betri ya volti 9 iliyo ndani ya mita. Ndani ya mita hizi kuna chipu ya ICL7106 au mfano wake, ambayo haijui volti kama volti. Inachofanya ni kugawanya kile kinachoingia kwa volti rejea ya ndani, kama milivolti 100, kisha kuzidisha kwa 1000. Volti rejea hiyo huchukuliwa kwenye umeme uliotulizwa ndani ya chipu, nao hutulia tu betri ikiwa na nguvu za kutosha. Betri ikichoka, kigawanyo hushuka na jibu hupanda. Mita yenye betri hafifu huonyesha volti nyingi kuliko zilizopo, na betri za wateja zote huonekana zimejaa. Kwa hiyo betri mpya huwekwa kwanza, bodi huwashwa na kuachwa kama robo saa ipate joto lake la kawaida, kisha ncha mbili za mita hugusanishwa kuhakikisha kila renji inasoma sifuri.

Katika renji ya volti 20, mita yetu inasoma 2.54, 5.07, 7.61 na 10.14. Makosa ni karibu 0.04, 0.07, 0.11 na 0.14, na yote yamevuka kinachoruhusiwa. Namna yanavyokua inaeleza zaidi ya ukubwa wake. Kama mita ingeongeza volti 0.05 kila mahali, kosa lingekuwa la sifuri, na lingeonekana tangu ncha zilipogusanishwa. Hapa kosa linakua pamoja na volti, karibu 1.4% kila mara. Kuna kitu kinazidisha.

Swali linalofuata ni wapi, na hapo ndipo umuhimu wa kupima renji moja baada ya nyingine. ICL7106 katika mita hii hupima milivolti 200 tu. Renji nyingine zote hupatikana kwa kupunguza volti kwenye mlolongo wa rezista wenye jumla ya megaohm 1, na kila renji huchota mahali pake. Volti rejea ya ndani ikiwa imeteleza, renji zote hupotoka kwa asilimia ile ile. Rezista moja ikiwa imebadilika, hupotoka renji inayoitegemea, na nyingine hubaki nzima au huguswa kidogo tu.

Renji ya milivolti 2000 haiwezi kupokea volti 2.5, kioo kingeonyesha 1 peke yake upande wa kushoto. Dawa ni rezista mbili za kiloohm 1 zilizounganishwa mfululizo, na kupima juu ya moja. Rezista hizo hazitalingana kabisa, lakini fundi akisoma mara ya kwanza, akazibadilisha nafasi na kusoma tena, wastani wa masomo mawili ni nusu kamili ya volti zilizoingia, kwa sababu kinachozidi upande mmoja hupungua upande wa pili. Mita yetu inasoma 1264, kisha 1270. Wastani ni 1267, na nusu ya 2.501 ni milivolti 1250.5. Kosa ni 1.3%. Upungufu ule mdogo unatokana na megaohm 1 ya mita yenyewe, inayonyonya umeme kidogo kwenye rezista hizo. Renji mbili, kosa moja: rezista hazina hatia, volti rejea ndiyo iliyoteleza.

Renji ya 200 ina shida nyingine. Volti 10 ndani yake ni sehemu ya ishirini tu ya uwezo wake, na kosa linaloruhusiwa hapo ni volti 0.25, kwa hiyo jibu zuri halithibitishi lolote kubwa. Lakini kabla hajaifikia, fundi hufungua mgongo wa mita. Kwenye bodi kuna skrubu ndogo ya kurekebishia, mara nyingi imeandikwa VR1. Ncha zikiwa kwenye volti 10.004 na si kwenye umeme wa ukutani, huizungusha polepole mpaka kioo kisome 10.00. Kisha hurudia vituo vyote, na kuandika kilichosomwa kabla na kilichosomwa baada. Safari hii mita inasoma 2.50, 5.00 na 7.50, zote ndani ya mipaka.

Sasa renji ya 20 inaaminika, na inaweza kuwa ngazi ya kupandia. Betri sita mpya za volti 9 hupimwa moja moja katika renji hiyo, na masomo yake hujumlishwa, tuseme yafike 56.9. Kisha huunganishwa mfululizo na kupimwa kwa pamoja katika renji ya 200. Sita zinatosha, na kwa usalama jumla inabaki chini ya volti 60. Kosa linaloruhusiwa hapa ni kama 0.48. Mita ikisoma 57.0, renji hiyo imepita. Ikisoma 57.8 ilhali renji ya 20 iko sawa, rezista za chini kwenye mlolongo, ile ya ohm 900 au ya ohm 100, ndizo za kushukiwa. Katika hali hiyo kuigusa VR1 ni kosa, maana kungeinyoosha renji ya 200 kwa kuzipotosha nyingine zote. Rezista hubadilishwa kwa nyingine yenye kosa lisilozidi 0.5%.

Skrubu hiyo moja ndiyo yote aliyonayo fundi wa DT830. Renji za AC hupitia diodi, nazo hutaka chanzo chao cha AC kinachojulikana. Renji ya volti 1000 haijaribiwi kwa betri mezani. Anayetaka cheti cha renji hizo, chenye namba zinazounganishwa na viwango vya taifa, huipeleka mita kwenye maabara ya vipimo ya TBS nchini Tanzania au ya KEBS nchini Kenya. Kwa mita ya bei ya DT830, mafundi wengi huona ni nafuu zaidi kuipeleka bodi ya AD584 ipimwe na kuandikwa upya, kisha kuitumia kwa mita zote za karakana.